Mwongozo kamili: jinsi ya kufuatilia mauzo yanayoletwa na skrinishoti na makundi ya WhatsApp

Ukiuza nguo, viatu au vyombo Kampala kupitia simu, hali hii unaijua. Namba ngeni inakutumia picha ya bidhaa yako na kuuliza, "Hii bado ipo?" Inalipa kwa pesa za simu, bodaboda anapeleka mzigo, na hujui picha ile ilimfikiaje.

Wengi wamejaribu kufuatilia wateja wa namba hizi kwa linki maalumu, au kwa kuuliza "Umetujuaje?", na wote wamekwama palepale. Linki haiingii ndani ya skrinishoti, na kumbukumbu ya mteja haitoshi. Njia ninayoieleza hapa inaweka alama ya chanzo ndani ya picha yenyewe, kisha inamwezesha mteja kuirudisha kwako anapoagiza.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni wa duka dogo la gomesi maeneo ya Kiyembe. Mwenye duka anatuma picha katika makundi matatu na kwenye stetasi yake. Hesabu zake nimezitunga ili hatua zionekane.

## Vitu unavyohitaji

- Simu yenye WhatsApp Business, na simu ya pili ya kufanyia majaribio.
- Programu yoyote ya kuandika maneno juu ya picha.
- Daftari lenye mistari, au jedwali kwenye simu.
- Vitambaa au kuta za rangi tofauti za kupigia picha, kimoja kwa kila chanzo.
- Ruhusa ya msimamizi wa kila kundi unalotuma picha. Bila ruhusa utaondolewa, na hesabu yote itavurugika katikati.

## Kwa nini takwimu za tovuti hazioni wateja hawa

Mtu akibonyeza linki ndani ya WhatsApp, kwa kawaida tovuti yako haielezwi ametokea wapi. Google Analytics inamweka kwenye fungu la "Direct", pamoja na aliyeandika anwani kwa mkono. Aliyeona skrinishoti hata linki hana. Anasoma jina la duka, anakupigia, na huenda asifike kwenye tovuti kabisa.

Uganda kuna tatizo la ziada. Facebook ilifungwa Januari 2021, na watu wengi walizoea kuifikia kwa VPN. Mteja aliyeko Ntinda anayefungua tovuti yako VPN ikiwa imewashwa anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Uholanzi au Marekani. Kwa hiyo ripoti ya nchi isikufanye uamini kwamba umepata soko ughaibuni.

## Hatua ya 1: Ipe kila picha namba yenye chanzo ndani yake

Chukua namba ya bidhaa, kisha ongeza tarakimu moja ya chanzo mwishoni. Gomesi ya kumi na nne ikienda sehemu nne, inakuwa hivi:

- 142: kundi la wazazi wa shule
- 144: kundi la Sacco ya sokoni
- 147: kundi la kamati ya kwanjula
- 149: stetasi yako

Kwa mteja hiyo ni namba ya mtindo tu, naye ana sababu ya kuitaja, maana ndiyo inayomhakikishia kupata gomesi aliyoiona. Ukiandika "WAZAZI" au "SACCO" juu ya picha, mtu atajizuia kuipeleka kundi jingine akidhani bei ile ni ya wanachama peke yao.

Tumia tarakimu, usitumie herufi. Wateja wengi hapa huagiza kwa kupiga simu, na katika masikio ya wazungumzaji wengi wa Kiganda L na R hubadilishana nafasi. Tarakimu hutamkwa vizuri kwa lugha yoyote anayoitumia mteja.

Acha pia tarakimu kadhaa bila kazi. Katika mfano wetu hakuna chanzo chenye 1, 3, 5, 6 wala 8. Mteja akisema "148", unajua mara moja kwamba amesoma vibaya na unamwomba aangalie tena. Kama ungetumia tarakimu zote kumi, kosa hilo lingeingia daftarini likiwa na sura ya ukweli.

Onyo: usitofautishe bei ili kutambua chanzo, kwa mfano 180,000 kundi moja na 179,000 kundi jingine. Picha hizo zitakutana kwenye simu moja, na aliyelipa zaidi hatarudi.

## Hatua ya 2: Weka namba mahali ambapo haikatwi

Anayepiga skrinishoti hupunguza pembe. Hukata juu ili kuficha saa na jina la kundi, na chini ili kuondoa maelezo uliyoyaandika. Maelezo ya chini ya picha hayasafiri na skrinishoti iliyopunguzwa, kwa hiyo usiweke namba huko peke yake.

Iandike juu ya nguo yenyewe, karibu na katikati, kwenye mstari mmoja na bei: "Namba 147 – 180,000/=". Bei ndicho kitu ambacho kila anayesambaza picha anataka kionekane, hivyo namba itabaki kwa kuwa imeshikamana nayo. Ongeza mwisho wa bei, kama "hadi 30 Juni". Skrinishoti hukaa kwenye simu za watu miezi mingi, na utahitaji neno hilo siku mteja anapokuja na bei ya zamani.

Kisha weka alama ya pili isiyo ya maandishi. Piga gomesi hiyohiyo mara nne, kila mara kwenye mandhari tofauti: mkeka kwa picha ya wazazi, ukuta mweupe kwa Sacco, mlango wa bluu kwa kamati, hanga ya mbao kwa stetasi. Mtu akifuta maandishi na kuacha gomesi tupu, mlango wa bluu bado unakuambia ilikotoka.

Kabla ya kutuma, jaribu. Tuma picha kwenye simu ya pili, ipige skrinishoti, ipunguze kingo, irudishe simu ya kwanza, ipige tena skrinishoti, na urudie mara moja zaidi. WhatsApp hubana picha kila inapotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo huanza kufanana na ukungu. Namba ikisomeka bila kukuza baada ya mizunguko hiyo, picha iko tayari. Ikiwa 7 imeanza kufanana na 1, ongeza ukubwa wa maandishi na uweke rangi nyeusi juu ya kipande cheupe.

Hifadhi picha asili nne kwa majina yake (142, 144, 147, 149). Utazihitaji kulinganisha.

## Hatua ya 3: Mpe anayetaka linki linki yenye namba ileile

Baadhi ya watu husambaza ujumbe mzima badala ya skrinishoti. Kwa hao, weka chini ya picha linki inayofungua mazungumzo na wewe ikiwa na maneno tayari:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naomba%20namba%20147
```

Weka namba yako ukianza na 256, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. `%20` ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, "Naomba namba 147" inaonekana tayari, naye anatuma tu. Anaweza kuyafuta maneno hayo, na si shida, kwa sababu hatua inayofuata itamkamata.

Mwenye tovuti aongeze hii mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa bidhaa, ili ziara hiyo isiingie kwenye "Direct":

```
?utm_source=whatsapp&utm_medium=kundi&utm_campaign=147
```

## Hatua ya 4: Omba picha, usiombe kumbukumbu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Swali "Umetujuaje?" humfanya mteja ataje kitu cha kwanza kinachomjia kichwani: "WhatsApp", "rafiki", "mtandaoni". Hakudanganyi. Ameona picha nyingi wiki hiyo na hakuwa na sababu ya kukumbuka njia.

Badala yake mwandikie hivi, kabla hujataja bei wala saizi:

"Karibu sana dada. Naomba unitumie picha uliyoiona, ili nikuwekee ileile na rangi isikosewe."

Ombi hilo lina faida kwake, kwa hiyo wengi hulitimiza. Lihifadhi kama jibu la haraka katika WhatsApp Business, kwa mfano `/picha`, ili msaidizi wako naye atumie maneno yaleyale. Kwa anayepiga simu, sema: "Kando ya bei imeandikwa namba gani?" Kwa aliyekuja dukani: "Nionyeshe picha kwenye simu yako, mama, nikutolee."

Uliza mapema. Akishalipa, anachosubiri ni bodaboda tu.

Picha ikifika, isome hivi. Kwanza namba. Ikikosekana, mandhari. Kisha angalia kama ujumbe umebeba neno "Forwarded" au "Forwarded many times". La pili huonekana picha ikiwa imepita angalau mazungumzo matano tangu kwa mtumaji wa kwanza. Lakini kukosekana kwa neno hilo hakuthibitishi chochote, kwa sababu skrinishoti ikitumwa ni picha mpya na huanza safari yake upya.

Baada ya hapo fungua maelezo ya mteja huyo na utazame "Groups in common". Ikiwa namba ni 147 na kundi la kamati limo kwenye orodha, mteja ni mwanachama. Ikiwa halimo, picha ilitoka nje ya kundi na kumfikia. Tofauti hii ina thamani kubwa kuliko namba yenyewe, maana inakuonyesha kundi ambalo watu wake wanakubebea picha. Kumbuka tu kwamba mtu mwenye laini mbili anaweza kuwa kwenye kundi kwa namba nyingine.

## Hatua ya 5: Andika daraja la ushahidi

Kila oda ipate mstari mmoja: tarehe, namba ya picha, idadi ya gomesi, kiasi, namba ya muamala wa malipo, yumo kundini au hayumo, na daraja la ushahidi. Madaraja ni manne:

- A: picha imerudi, namba au mandhari vinaonekana.
- B: ametaja namba kwa mdomo, au imekuja kwa linki.
- C: amekumbuka tu, hana picha wala namba.
- D: haijulikani.

Usiruke daraja. Bila hilo, "nadhani ni stetasi" ya mteja mmoja itapewa uzito sawa na picha iliyorudi ikiwa na namba katikati.

Fuatilia malipo kwa namba ya muamala, siyo kwa jina la aliyelipa. Kwenye MoMo au Airtel Money mara nyingi jina linalotokea ni la mume, dada au mwajiri, na oda mbili za watu tofauti zinaweza kulipwa na mtu mmoja. Ukipanga kwa majina, utazijumlisha kimakosa.

Pia tenga oda na vipande. Mwanamke mmoja akiagiza gomesi sita za wasindikizaji wa kwanjula, hiyo ni oda moja yenye vipande sita. Picha ilimshawishi mtu mmoja, hata kama fedha ni nyingi.

Kila jioni linganisha: mistari ya daftari lazima ilingane na malipo ya simu pamoja na taslimu. Mistari ikipungua, kuna wateja waliopita bila kuulizwa, na mara nyingi ni wale waliohudumiwa na msaidizi wakati wewe haupo.

Kwenye simu, unda lebo moja kwa kila chanzo na moja ya "Haijulikani". WhatsApp Business inaruhusu lebo 20, zinatosha duka dogo, mradi usianze kuunda lebo kwa kila bidhaa.

## Hatua ya 6: Soma matokeo ya wiki mbili

Baada ya wiki mbili, duka letu la mfano lina oda 36 za gomesi ya 14. Daraja A zipo 15, B zipo 8, C zipo 6 na D zipo 7.

Anza na A na B peke yake, jumla 23. Zimegawanyika hivi: wazazi 6, Sacco 4, kamati ya kwanjula 11, stetasi 2. Oda za kamati zilibeba gomesi 19, yaani shilingi 3,420,000. Za wazazi zilikuwa moja moja, shilingi 1,080,000.

Sasa tazama daraja C. Kati ya wateja 6 waliokumbuka tu, 4 walisema "niliona stetasi". Ukiwachanganya na wengine, stetasi inapanda kutoka oda 2 hadi 6, na unaweza kuamua kuweka nguvu zako huko. Lakini walipoulizwa "Stetasi yangu, au ya mtu mwingine?", 3 kati yao walisema ya mtu mwingine. Mtu alichukua picha kundini akaiweka kwenye stetasi yake. Hiyo ni kazi ya kundi, siyo ya stetasi ya duka. Ongeza swali hilo dogo kila unaposikia neno stetasi.

Kisha angalia uanachama. Kati ya oda 11 za 147, wanachama wa kamati walikuwa 3 tu, na 8 walitoka nje. Wazazi wa shule wote 6 walikuwa wanachama. Maana yake makundi haya mawili yanafanya kazi tofauti: wazazi wananunua wenyewe, kamati inasambaza. Kundi la kamati linaweza kuonekana kimya kabisa, bila hata mtu mmoja kujibu posti yako, huku ndilo linalokuletea sehemu kubwa ya fedha unazoweza kuzithibitisha.

Oda 7 za daraja D usizigawe kwa uwiano wa zile zinazojulikana. Waliopoteza namba njiani huenda ni wale ambao picha iliwafikia baada ya mikono mingi, na hao hawafanani na wanachama wa kundi. Hatua ya 7 ndiyo inayowahusu.

## Hatua ya 7: Tofautisha siku za kutuma ili kuwasoma wasiojulikana

Gomesi mpya ikifika, namba 15, tuma kwa wazazi, Sacco na stetasi siku ya Jumatatu. Kundi la kamati lisubiri hadi Alhamisi. Kisha hesabu oda za daraja D za kila siku.

Tuseme Jumatatu hadi Jumatano ilikuja oda 1 isiyojulikana, na Alhamisi hadi Jumamosi zikaja 5. Hiyo inaashiria kwamba wengi wa wasiojulikana wanatoka kwenye mnyororo wa kamati. Lakini usiridhike bado, kwa sababu mwisho wa wiki watu hununua zaidi hata bila kundi lolote. Kwa gomesi ya 16 geuza: kamati Jumatatu, wengine Alhamisi. Ikiwa wasiojulikana sasa wanaongezeka Jumatatu hadi Jumatano, umepata jibu. Wakibaki Alhamisi, ilikuwa ni mwisho wa wiki tu.

Jaribio hili lina faida nyingine. Oda ya 157 ikija Jumanne, kabla hujatuma kwa kamati, basi ulituma faili lisilo sahihi kwenye kundi jingine. Rekebisha kabla hesabu haijaharibika.

Linganisha makundi ndani ya wiki hizohizo, usilinganishe mwezi huu na uliopita. Wiki za kufungua shule, mwezi wa Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, fedha za nyumbani zinaenda kwenye karo, na Desemba kwanjula na harusi huongezeka. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko kitu chochote ambacho picha yako inaweza kufanya.

## Hatua ya 8: Linda watu waliomo ndani ya skrinishoti

Skrinishoti nyingi zitakuja zikiwa na majina, namba na maneno ya watu ambao hawajakuomba chochote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inagusa namba za simu na majina unayoyakusanya, hata kwa duka dogo. Andika daftarini namba ya picha na daraja, kisha ufute skrinishoti. Jina la aliyeisambaza usilichukue kwenye picha. Ukitaka kumshukuru, muombe mteja mwenyewe amwambie awasiliane na wewe. Wala usiingie kwenye makundi kwa jina la mtu mwingine ili kuona picha zako zinavyotembea, kwa sababu siku utakapogunduliwa msimamizi atafunga mlango kwa wauzaji wote.

## Ukianza kulipa kamisheni

Namba hizi zinafanya kazi vizuri maadamu hakuna mtu anayepata fedha kutokana nazo. Mara tu unapomwahidi mwanachama shilingi 10,000 kwa kila oda yenye 7, ana sababu ya kumwambia mteja wa Sacco aseme 147. Daraja B linakuwa halina thamani.

Kama ni lazima ulipe, lipa kwa daraja A peke yake, na ulinganishe namba na mandhari. Picha yenye 147 lakini iliyopigwa kwenye ukuta mweupe imeandikwa upya na mtu. Na anayelipwa mpe tarakimu yake mwenyewe, mojawapo ya zile ulizoziacha bila kazi, pamoja na mandhari yake, ili hesabu za makundi zibaki safi.

Tarakimu na mandhari za kila chanzo zibadilishe kila baada ya bidhaa kadhaa, na andika ukurasa wa mwisho wa daftari tarehe ya kila badiliko. Picha ya gomesi ya 14 inaweza kurudi mwakani, na bila ukurasa huo hutajua tena 7 ilikuwa ya nani.